Tunakusikia, ila hatukuoni

"Tunakusikia vizuri, dada, ila hatukuoni." Karibu kila anayehudhuria mikutano ya video ameshaisikia kauli hiyo, au ameitoa yeye mwenyewe. Mwenye kamera anabonyeza kitufe cha video, kinazima. Anakibonyeza tena, kinawaka, lakini kisanduku chenye jina lake kinabaki cheusi vilevile. Anatoka mkutanoni na kurudi. Bado giza. Anaiwasha kompyuta upya huku wenzake wakimsubiri, na anaporudi tena mazungumzo yameshafika nusu.

Wengi hukimbilia kulaumu intaneti. Lakini mtandao dhaifu una dalili zake: picha huganda, hukatika vipandevipande, au huwa na ukungu na kuchelewa nyuma ya sauti. Tena, kile kisanduku kidogo ambacho mtu hujiona ndani yake huchukua picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera iliyo mbele yake, bila kusubiri izunguke mtandaoni. Kwa hiyo mtu akijiona vizuri lakini wenzake hawamwoni, huo ni mtandao au programu ya mkutano. Akiwa hajioni hata yeye mwenyewe, tatizo limo ndani ya kompyuta iliyo mezani kwake, na kubadilisha bando hakutasaidia kitu.

Ndani ya kompyuta, picha hupita hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye mkutano. Mwanga huingia kwenye lenzi na kupokelewa na kihisi kidogo kilicho nyuma yake. Kutoka hapo picha husafiri kwenye waya mwembamba hadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ambako draiva huipokea. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Halafu mfumo wa kompyuta, iwe Windows au macOS, huangalia kama programu inayoomba picha ina ruhusa ya kuipata. Mwisho kabisa ndipo Zoom, Teams au Google Meet huikabidhiwa. Picha ikikwama popote njiani, mtumiaji huona jambo lilelile moja: weusi. Ndiyo maana watu wawili wenye giza linalofanana wanaweza kuwa na matatizo yasiyohusiana hata kidogo, na ushauri uliomponya mmoja ukamwacha mwenzake palepale.

Taa na programu ya Camera

Kabla ya kugusa chochote, kuna mambo mawili ya kutazama, na yote hayamalizi dakika mbili.

Kwanza ni ile taa ndogo pembeni ya lenzi, nyeupe au ya kijani kwenye kompyuta nyingi. Huwaka pale kamera inapotuma picha. Pili ni kuifunga kabisa programu ya mkutano na kufungua programu ya kamera iliyokuja na kompyuta yenyewe. Kwenye Windows inaitwa `Camera`; kwenye Mac mtu anaweza kutumia `Photo Booth`. Programu hizi hazihitaji akaunti wala intaneti, hivyo zinamwonyesha mtu kamera yake ikiwa peke yake, bila mkutano kuingilia.

Majibu huja kwa namna tatu. Taa ikiwaka na picha ikawa nyeusi, mara nyingi kamera ni nzima na inafanya kazi, ila kuna kitu kimeziba lenzi. Kamera ikionekana vizuri kwenye programu ya `Camera` lakini ikawa nyeusi mkutanoni, tatizo ni ruhusa, au programu ya mkutano imechagua kamera isiyo sahihi. Na kama Windows yenyewe inasema haioni kamera yoyote, kwa kuonyesha namba `0xA00F4244`, basi mawasiliano yamekatika chini zaidi: kwenye swichi, kwenye mipangilio ya ubao mkuu, kwenye draiva au kwenye waya.

Mgawanyo huu haukosi upungufu. Zipo kamera za bei nafuu zisizo na taa kabisa, na zipo hitilafu za draiva zinazoiacha taa ikiwaka huku picha haiji. Hata hivyo unamwonyesha mtu pa kuanzia, na unamwepusha na jibu ambalo baadhi ya mafundi hulitoa kabla hata hawajaifungua kompyuta: "Hii inataka kupigwa Windows upya."

Kifuniko kilichosahauliwa

Mwaka 2016 Mark Zuckerberg aliweka mtandaoni picha yake akisherehekea Instagram kufikisha watumiaji milioni 500 kwa mwezi. Watazamaji wenye macho makali waliona jambo jingine kwenye meza iliyokuwa nyuma yake: laptopu ambayo kamera yake ilikuwa imezibwa kwa utepe. Mwaka huohuo James Comey, aliyekuwa mkurugenzi wa FBI, alisema hadharani kwamba naye huziba yake. Hofu ilikuwa ya wadukuzi wanaoweza kuiwasha kamera bila mwenyewe kujua. Watengenezaji walianza kuweka kifuniko kiwandani. Lenovo, kwa mfano, ilianza kuweka kifuniko inachokiita ThinkShutter kwenye laptopu zake za ThinkPad mwaka 2018.

Kifuniko hicho ni kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kuitumia kompyuta miaka miwili bila kujua kipo. Kwenye ThinkPad ni kijiti cha kusogeza kwa ukucha juu ya kioo, na kikifungwa hutokea nukta nyekundu. Kitambaa cha kufutia kioo kinatosha kukisogeza, na mkono unaofunga laptopu kwa haraka pia unatosha. Kompyuta haina habari. Kwa upande wake kamera inafanya kazi, taa inawaka, na picha inayokuja ni nyeusi kwa sababu ndicho kitu kilicho mbele ya lenzi. Hakuna draiva wala ruhusa itakayobadilisha hali hiyo.

Njia rahisi ya kuthibitisha ni kumulika sehemu ya kamera kwa tochi ya simu, kwa pembe kidogo. Lenzi iliyo wazi hurudisha mng'ao wa duara dogo la kioo lenye kina. Kifuniko hurudisha rangi bapa ya plastiki, nyeusi, nyekundu au yenye mistari.

Vifuniko vya aina ya pili havionekani kwa tochi. Hivi ni swichi za umeme. Baadhi ya laptopu za HP zina swichi ndogo ubavuni, karibu na matundu ya USB, na baadhi ya Lenovo za familia ya IdeaPad, Yoga na Legion zina swichi ya namna hiyo pia. Nyingine zina kitufe kwenye safu ya juu ya kibodi, chenye mchoro wa kamera iliyokatwa kwa mstari. Zikizimwa, baadhi hukata umeme wa kamera kabisa, na Windows huiona kama imechomolewa: kamera inatoweka kwenye orodha ya vifaa, na ile namba `0xA00F4244` inajitokeza. Nyingine huiacha kamera ikionekana ipo, lakini badala ya picha hutuma weusi mtupu au mchoro wa kamera iliyokatwa. Mtu asiyejua kuhusu swichi hii anaweza kupoteza siku nzima akihangaika na draiva, kumbe alichohitaji ni kupitisha kidole ubavuni mwa mashine.

Wale wanaonunua vifuniko vya kubandika nao wana la kujua. Mwaka 2020 Apple iliwaonya wenye MacBook wasiifunge laptopu ikiwa na kifuniko juu ya kamera, kwa kuwa nafasi kati ya kioo na kibodi ni finyu mno na kioo kinaweza kupasuka. Kwa anayelazimika kutumia kifuniko, ilisema kisizidi unene wa milimita 0.1, sawa na karatasi ya kawaida ya kuchapia.

Malango ya ruhusa

Kamera ikifanya kazi kwenye programu ya `Camera` na kukataa mkutanoni, mtu ahamie kwenye ruhusa. Hapa kinachowachanganya watu ni kwamba lango si moja.

Kwenye Windows 11 mtu hufungua `Settings`, kisha `Privacy & security`, kisha `Camera`. Swichi ya juu kabisa, `Camera access`, inahusu kompyuta nzima. Inayofuata, `Let apps access your camera`, inahusu programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft, na chini yake kila programu ina swichi yake. Chini zaidi kuna `Let desktop apps access your camera`, na hii ndiyo inayosahaulika. Inahusu programu za kawaida zilizopakuliwa kutoka tovuti za wenyewe, yaani Zoom ya wengi, pamoja na vivinjari kama Chrome na Firefox. Programu hizi hazina swichi ya moja moja; zote hufunguliwa au kufungwa kwa pamoja. Ndiyo maana programu ya `Camera` inaweza kuonyesha picha safi huku Zoom ikiwa gizani: zimepita malango tofauti.

Orodha hiyo ina faida nyingine. Chini ya programu hizo Windows huandika ni lini kila moja iliitumia kamera mara ya mwisho, na inayoitumia wakati huo huandikiwa `Currently in use`. Kwa kawaida kamera huhudumia programu moja kwa wakati. Mtu aliyekuwa na kikao cha Teams saa tatu, akafunga dirisha bila kuifunga programu yenyewe, anaweza kufungua Zoom saa nne na kukuta giza, kwa sababu Teams bado imeishikilia kamera. Programu ya `Camera` ikikutana na hali hiyo hutoa namba `0xA00F4243`, ambayo maana yake ni kwamba kamera imeshikwa na programu nyingine. Kuifunga programu hiyo kutoka `Task Manager` humaliza shauri.

Anayeingia mkutanoni kupitia kivinjari ana lango la ziada. Chrome huweka kumbukumbu ya ruhusa kwa kila tovuti peke yake, na aliyewahi kubonyeza `Block` siku moja kwa haraka ataendelea kuzuiwa siku zote bila kuulizwa tena. Ruhusa hizo hupatikana kwa kuandika hivi kwenye sehemu ya anwani:

```
chrome://settings/content/camera
```

Hapo tovuti iliyozuiwa huondolewa kwenye orodha, kisha ukurasa wa mkutano unafunguliwa upya. Ukurasa huohuo unaonyesha ni kamera ipi Chrome imeichagua, na jambo hili linastahili kutazamwa. Laptopu nyingi za ofisi zina kamera mbili: ya kawaida, na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, inayotumika kumtambua mtu kwa sura anapofungua kompyuta. Programu ikichagua hiyo ya pili hupata weusi au picha hafifu ya kijivu. Vilevile aliyewahi kuweka programu ya kurekodi kama OBS huwa na kamera ya kubuni kwenye orodha, ambayo haina picha yoyote ya mtu mpaka OBS yenyewe iwashwe.

Kwenye Mac, tangu toleo la Mojave la mwaka 2018, kila programu lazima iombe ruhusa. Swichi zake zimo ndani ya `System Settings`, `Privacy & Security`, `Camera`. Kosa la kawaida ni kuiwasha swichi huku mkutano ukiendelea na kutegemea picha itokee papo hapo. Mara nyingi programu lazima ifungwe kabisa na kufunguliwa upya ndipo ruhusa ianze kazi. Na kwenye Windows, baadhi ya antivairasi zina ulinzi wao wa kamera ambao hautajwi popote kwenye `Settings`. Kama malango yote yako wazi na giza halijaondoka, mahali pa kuangalia ni ndani ya antivairasi.

ThinkPad iliyotoka Ulaya

Katika maduka ya kompyuta ya Nairobi laptopu nyingi huuzwa kwa jina la Ex-UK, yaani zilizotumika Ulaya kwanza, na Dar es Salaam hali haina tofauti kubwa. Ni mashine imara za ofisi, zilizouzwa baada ya kampuni kununua mpya. Lakini kompyuta iliyotoka ofisini huja na maamuzi ya ofisi hiyo, na baadhi yake yanahusu kamera.

Tuseme mtu amenunua ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018, na anaiandaa kwa ajili ya usaili wa kazi. Anafungua `Camera` na kukutana na `0xA00F4244`. Kijiti cha juu ya kioo kiko upande wa wazi na nukta nyekundu haionekani. Anamulika kwa tochi na kuona duara la lenzi. Hatua hii si ya bure, kwa kuwa baadhi ya taasisi huagiza laptopu zisizo na kamera kabisa, na mahali pa lenzi hukaa plastiki tupu. Hapa lenzi ipo.

Anabonyeza kitufe cha kulia cha panya juu ya alama ya Windows na kufungua `Device Manager`. Kwa kawaida kuna kifungu kinachoitwa `Cameras`, hapa hakipo. Anafungua menyu ya `View` na kuchagua `Show hidden devices`. Sasa kifungu kinatokea, na ndani yake kuna `Integrated Camera` iliyopauka. Mpauko huo ni ushahidi: Windows hii iliwahi kuiona kamera siku za nyuma, ikawa na draiva yake, kisha kamera ikapotea. Kupakua draiva nyingine hakuna maana kwa wakati huu, kwa kuwa draiva haiwezi kuhudumia kifaa ambacho kompyuta haikioni.

Anawasha kompyuta upya na kubonyeza `F1` mfululizo kabla Windows haijaanza. Hii humpeleka kwenye mipangilio ya ubao mkuu, ambayo iko chini ya Windows na haibadiliki hata Windows ikifutwa na kuwekwa mpya. Anafungua `Security`, kisha `I/O Port Access`. Kwenye orodha ya vifaa anakuta `Integrated Camera` imeandikwa `Disabled`. Ofisi ya zamani iliizima kwa makusudi. Anaibadilisha kuwa `Enabled`, anabonyeza `F10` kuhifadhi, na kompyuta inapowaka `Integrated Camera` haijapauka tena. Picha inatokea.

Hadithi ingeweza kwenda kwingine mahali pawili. Kama maandishi ya ukurasa huo yangekuwa ya kijivu na kukataa kubadilishwa, ingekuwa na maana kwamba ofisi ya zamani iliacha nywila ya msimamizi, na hapo mnunuzi hana budi kurudi kwa muuzaji. Na kama kamera ingekutwa tayari imeandikwa `Enabled`, lakini Windows haiioni, mshukiwa mkuu angekuwa waya. Kwenye HP ukurasa kama huu hufunguliwa kwa `F10`, na kwenye Dell kwa `F2`.

Pale draiva inapokosea

Draiva hushukiwa kupita kiasi. Kamera nyingi za kompyuta za leo hufuata kanuni moja ya pamoja iitwayo UVC, na Windows huja na draiva yake ya kuzihudumia zote. Ndiyo maana kamera ya nje hufanya kazi sekunde chache baada ya kuchomekwa, bila diski wala kupakua chochote.

Matatizo huanza pale mtengenezaji anapoweka draiva yake maalumu juu ya ile ya Windows, kisha Windows ikapata toleo jipya na viwili hivyo visielewane. Mfano mkubwa ulitokea Agosti 2016. Toleo la Windows 10 lililotoka mwezi huo lilibadilisha namna programu zinavyopokea picha kutoka kwenye kamera, na kamera nyingi zilizokuwa nzima zikaanza kuganda au kukataa katika Skype na programu nyingine. Watu walibadilisha nyaya na kununua kamera mpya, ilhali kosa lilikuwa kwenye mfumo, na Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho.

Dalili ya draiva mbovu ni hii: kamera ipo kwenye `Device Manager` bila mpauko, pengine na pembetatu ya njano, lakini hata programu ya `Camera` haionyeshi picha. Dawa inayosaidia mara nyingi ni kumwondoa mtu wa kati na kurudi kwenye draiva ya Windows yenyewe. Mtu hubonyeza kulia juu ya jina la kamera, anachagua `Update driver`, kisha `Browse my computer for drivers`, kisha `Let me pick from a list of available drivers on my computer`. Kwenye orodha fupi inayotokea anachagua `USB Video Device` na kuendelea. Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji intaneti, na haimlazimishi mtu kupakua draiva kutoka tovuti zisizojulikana, ambazo mara nyingi huja na mizigo isiyotakiwa. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya kompyuta kujisasisha, kitufe cha `Roll Back Driver` ndani ya `Properties` hurudisha draiva ya awali, ilimradi Windows bado imeihifadhi.

Waya unaopita kwenye bawaba

Kamera ya laptopu imekaa juu ya kioo, ubao mkuu uko chini ya kibodi, na kati yao kuna bawaba. Waya wa kamera lazima upite hapo, mara nyingi ukiwa umefungwa pamoja na waya wa kioo. Kimsingi ni USB ya kawaida iliyofichwa ndani: nyuzi mbili za umeme na mbili za data, nyembamba mno. Kila laptopu inapofunguliwa na kufungwa, nyuzi hizo hujikunja mahali palepale, na baada ya miaka kadhaa mmoja wao hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje.

Waya unaoelekea kukatika hauzimi ghafla. Kamera hufanya kazi asubuhi na kupotea mchana. Hufanya kazi kioo kikiwa kimesimama na kukataa kikilazwa nyuma. Kipimo chake ni kufungua programu ya `Camera`, au kuacha `Device Manager` wazi, kisha kukisogeza kioo taratibu kutoka karibu kufungwa hadi mwisho wa kufunguka. Kamera ikitoweka na kurudi kwa pembe fulani, na Windows ikatoa ile milio miwili ya kifaa kuchomolewa na kuchomekwa, hakuna haja ya kuendelea na draiva. Kioo nacho kikicheza au kupata mistari kwa pembe ileile, waya wote wa bawaba umechoka.

Kuna mkato mmoja wa kuuliza mapema: je, kioo kiliwahi kubadilishwa? Kamera huungwa kwa kiunganishi kidogo sana nyuma ya fremu, na fundi aliyeharakishwa anaweza kukisahau au kukichomeka nusu. Kamera iliyokufa siku ileile laptopu iliporudi kutoka kwa fundi wa kioo inastahili kurudishwa kwa fundi huyohuyo kabla ya kununua kipuri chochote.

Kamera za nje zina udhaifu wa namna nyingine. Nyingi hutumia USB 2.0, ambayo uwezo wake wa juu ni megabiti 480 kwa sekunde, na uwezo halisi ni chini ya hapo. Picha isiyobanwa ya pikseli 640 kwa 480, mara 30 kwa sekunde, huhitaji karibu megabiti 147. Ikipandishwa hadi 1280 kwa 720 huhitaji zaidi ya 440, ambazo haziingii. Kwa hiyo kamera huibana picha yenyewe kabla ya kuituma, na bado huchukua sehemu kubwa ya njia. Mtu akichomeka kamera mbili, au kamera pamoja na diski ya nje, kwenye kigawanyo kimoja cha USB chenye matundu manne, vyote hugombea njia moja na umeme wa tundu moja. Matokeo huwa taa inayowaka bila picha, au picha inayokuja sekunde chache na kufa. Kuichomeka kamera moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyo wala waya wa kurefushia, ndicho kipimo cha kwanza. Ikipona, kigawanyo ndicho cha kubadilisha. Ikibaki nyeusi hapo, na ikawa nyeusi pia kwenye kompyuta nyingine, basi kamera yenyewe au waya wake umeharibika.

Kubadilisha waya wa bawaba ni kazi ya kufungua laptopu karibu nzima, kwa hiyo si kila mara inalipa. Kwa mashine ya zamani ambayo kioo chake bado ni kizima, kamera ya nje ya UVC inatosha. Ile ya ndani inayokatika-katika izimwe kwenye `Device Manager` kwa `Disable device`, vinginevyo programu ya mkutano inaweza kuichagua kila inapozinduka.

Na kama mkutano unaanza baada ya dakika tano, njia ya haraka ni kufungua kiungo kilekile cha mkutano kwenye simu na kuitumia kwa picha na sauti, huku laptopu ikibaki kwa ajili ya nyaraka. Kwenye laptopu, maikrofoni na spika zote zizimwe ndani ya mkutano. Spika pekee ikiachwa wazi, simu itaidaka sauti yake na kuwarudishia wenzake mwangwi wa maneno yao wenyewe.